Miaka Mitatu Niliyoiruka

Nilipotimiza umri wa miaka arobaini na mmoja nilikuwa na jina jema, vitabu thelathini na saba nilivyovijalidi kwa mikono yangu mwenyewe, na barua nne za sifa kutoka kwa waajiri waliokwisha kurudi kwao. Kazi sikuwa nayo. Shamba la minazi nililolitumikia kwa ukarani liliuzwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, na mwenyewe mpya alikuja na karani wake, ambaye alikuwa mtoto wa dada yake. Sikumlaumu. Nilimwachia daftari zikiwa safi, kalamu zikiwa zimechongwa, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuwa na ghala la nafaka Mombasa. Aliniletea salamu kwamba chumba cha uani kiko wazi, na kwamba naweza kumwandikia magunia yake. Shemeji huyu ni mdogo wangu kwa miaka sita na huniita "mwanangu". Nilimjibu kwa barua ya adabu kwamba nitafikiri hadi mwisho wa mfungo. Mke wangu alipoisoma barua hiyo kabla sijaifunga alisema, "Umeandika vizuri. Sasa fikiri kweli."

Jambo la kufikiria lilikuwa moja tu. Baraza lilikuwa limejenga soko jipya Msambweni, lenye vibanda sita vya mawe na bati. Mwenye kupata kibanda angebaki. Asiyepata angekwenda kuandika magunia. Waombaji tulikuwa kumi na tisa. Kumi na saba kati yetu tulikuwa tumeandika katika fomu kwamba tutauza sukari, sabuni na mafuta ya taa. Wawili waliobaki waliandika sukari na sabuni bila mafuta ya taa, kwa kuwa walikuwa ndugu wa mtu ambaye tayari aliyauza.

Baraza lilizirudisha fomu zote. Lilisema halitatoa kibanda kwa biashara ambayo wengine wanayo, na kwamba yeyote anayetaka kuomba upya ni lazima ahudhurie darasa la siku sita katika ukumbi wa maendeleo, chini ya afisa aliyeletwa kwa kazi hiyo. Tulikwenda tukiwa tumenuna. Niliingia nikiwa nimevaa koti, na nikakaa mbele.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo kutoka bara, mrefu, mwenye viatu vya kamba na sauti ya mtu aliyezoea kusemea uwanjani. Hakutuhutubia. Aligawa karatasi za khaki, zile za kufungia mizigo, kila mmoja yake, na mkaa uliochongwa. Akatuambia tupige mstari mmoja mrefu kutoka ukingo hadi ukingo.

"Huo ni umri wako," alisema. "Upande wa kushoto umezaliwa, upande wa kulia umekaa hapa kwangu. Juu ya mstari andika kazi zote ulizofanya, hata zile za aibu, kila kazi juu ya miaka yake. Chini ya mstari andika mashaka yaliyokupata. Na chini kabisa, andika mambo uliyoyafanya kwa kupenda tu, bila mtu kukuamuru wala kukulipa."

"Na wake?" aliuliza mtu mmoja wa nyuma.

"Wake utawaweka unapowaona wewe," alisema afisa. "Juu au chini."

Muulizaji alikuwa baharia mstaafu wa Mkwiro, mtu mfupi mwenye kifua kipana, ambaye katika siku zile sita sikumwona hata mara moja akinyamaza kwa hiari yake. Aliwahi kuwa mpishi wa meli. Alikuwa amekuja kuomba kibanda cha sukari, sabuni na mafuta ya taa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ukishaijaza karatasi, unaitazama kutoka juu kwenda chini badala ya kutoka kushoto kwenda kulia. Unatafuta mahali ambapo kazi fulani, shida fulani na mapenzi fulani vinaweza kushikana mkono, hata kama miaka yake ni mbalimbali. Kisha unajiuliza maswali mawili. La kwanza: ni nani mwingine katika tarafa hii anayeyajua mambo haya matatu kwa pamoja? Ikiwa ni wengi, unapiga mstari juu yake na kutafuta pengine. La pili: ni nani ambaye hadi leo anaumwa na shida ile, na nani atatoa fedha ili imwondokee? Usipompata mtu huyo, afisa alisema, hapo una kumbukumbu, huna biashara.

Nilikiri moyoni kwamba mpango huo ulikuwa na akili. Sikukiri kwa mdomo, kwa kuwa nilikuwa nimekaa mbele.

Baharia ndiye aliyekuwa wa kwanza kufaulu. Juu ya mstari alikuwa na miaka minane ya kupika melini. Chini alikuwa na mwaka mzima wa vidonda vya tumbo, ambao aliuishi kwa uji na vyakula laini alivyojipikia mwenyewe. Chini kabisa, mbele ya neno "mapenzi", alikuwa ameandika "kubishana".

"Mgahawa," alisema afisa, akitazama karatasi. "Wa watu wenye matumbo mabovu."

"Bibi, tarafa nzima ina matumbo mabovu. Ni pilipili na hasira."

"Na huko kubishana?"

"Hilo nitawapa bure. Mtu akinywa uji peke yake hurudi kwao mapema."

Watu walicheka, lakini afisa aliandika jambo katika daftari yake, na nikaelewa kwamba kibanda kimoja kati ya sita kimekwisha kuondoka.

Zamu yangu ilifika siku ya pili. Karatasi yangu ilikuwa nzuri. Nasema hivi bila majivuno: maandishi yalikuwa yamenyooka, na kazi zilipangwa kwa utaratibu. Stoo ya gereji ya kiwanda cha sukari, ambako nilitunza matairi na tyubu. Ukarani wa forodha ndogo. Ukarani wa shamba. Katika mashaka niliandika "ukame" na "nzige", kwa kuwa hayo yaliwapata watu wote na hayawezi kumdhalilisha mmoja peke yake. Katika mapenzi niliandika "kusoma na kujalidi vitabu". Na ili kuthibitisha, nilikuwa nimebana barua zangu nne za sifa pembeni mwa karatasi kwa pini.

Hapo ndipo nilipokosea. Sisi tuliokulia chini ya serikali ile tulifundishwa kwamba maisha ya mtu ni barua zake za sifa, na mtu akituuliza tumeishi vipi, tunampa bahasha. Barua ni kitu cha heshima. Lakini barua huwa na tarehe.

Afisa alizisoma zote, pole pole. Kisha akaweka kidole juu ya mstari wangu. "Mwenye gereji anakuaga hapa. Wa forodha anakupokea hapa. Lakini wewe umezichora kazi hizi mbili zikigusana. Katikati kuna miaka mitatu, bwana karani. Ilikwenda wapi?"

"Nilikuwa nyumbani," nilisema.

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa nyumbani."

Ukumbi ulinyamaza, na baharia hakuweza kuvumilia ukumbi ulionyamaza. "Mwacheni karani wa watu," alisema. "Mtu mwenye miaka mitatu asiyotaka kuitaja, hiyo miaka ilikuwa ya serikali. Alilala bure, akala bure, akavalishwa bure."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Nilikunja karatasi yangu na kukaa. Kabla ya nchi kupata Uhuru, maneno yale yangelikuwa matusi, na ningelimshitaki. Lakini nyakati zilikuwa zimegeuka. Watu walihesabu miaka kwa vidole, wakaona kwamba kifungo changu kiliangukia wakati wa mkoloni, na kwamba mtu mwenye koti na vitabu hafungwi kwa wizi wa kuku. Kufikia adhuhuri jela yangu ilikuwa imekwisha kuwa ya siasa.

Kesho yake wanaume walionizidi umri walinipa mkono kwa mikono miwili. Mtu mmoja wa Kinondo, ambaye tulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, alinisalimu kwa machozi na kusema kwamba hakujua. Mwenyekiti wa kamati ya soko, mzee mnene mwenye bakora ya mpingo, alinivuta kando ya ukumbi.

"Kibanda namba moja," alinong'ona, "kile cha mlangoni, ni haki yako. Taifa halisahau."

"Mwenyekiti, sijapata biashara bado."

"Uza chochote. Hata sabuni."

"Baraza limekataza sabuni."

"Limewakataza wao," alisema. "Wewe ulikwisha kukatazwa vya kutosha."

Nataka kuwa mkweli kuhusu siku mbili zilizofuata, kwa kuwa nimewahi kuwakemea watu wengi kwa makosa madogo kuliko hayo. Sikusema uongo. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kwangu kukasifiwa kuwa ni unyenyekevu wa mashujaa. Nilijiambia kwamba sikuwajibika kusahihisha dhana ambayo sikuipanda. Nilijiambia pia kwamba sitara ni jambo linalosifiwa katika dini, na kwamba mtu hakuamrishwa kuyatandaza ya nyumbani kwake juu ya karatasi ya khaki. Hoja zote mbili zilikuwa madhubuti. Nilizipitia mara nyingi, kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukikalia.

Usiku wa siku ya nne, wakati wa daku, mke wangu aliniwekea chakula na kusema, "Dada yangu amesikia sokoni kwamba uliwahi kufungwa kwa ajili ya nchi."

"Watu wanasema mengi."

"Amefurahi sana. Anataka kujua ulifungwa wapi, ili awaambie majirani." Alinimiminia chai. "Nimwambie wapi?"

Nikamwambia kwamba kuna jambo ambalo sijawahi kumweleza katika miaka kumi na minne ya ndoa yetu. Nilianza mbali, kwa utangulizi. Alinisubiri hadi nikafika katika marehemu mama yangu, kisha akainua mkono.

"Ukoma," alisema. "Ulimficha na kumuuguza ndani miaka mitatu, ukawaambia watu amekwenda kwa jamaa zake Pemba. Nimejua tangu nikiwa bibi harusi. Shangazi yako aliniambia siku ya singo, nikiwa nimepakwa manjano mwili mzima na siwezi kuondoka."

"Na ukakubali?"

"Nilikuwa nimepakwa manjano," alisema tena. Kisha akaongeza, kwa sauti nyingine, "Nilifikiri, mtu aliyemwosha mama yake miguu miaka mitatu hatanitupa nikiugua. Ilinitosha. Kwetu wote wanajua. Ni wewe tu usiyejua kwamba wanajua. Kunywa chai, adhana inakaribia."

Nilikunywa chai. Siku ile ya tano sikwenda darasani. Nilitandaza karatasi mpya juu ya jamvi, nikapiga mstari, na nikaiweka miaka ile mitatu mahali pake. Ilichukua nafasi ndogo kuliko nilivyoogopa.

Mama alipoanza kuugua nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mtoto wake wa pekee, nikitunza matairi. Siku hizo mtu wa namna ile alijengewa kibanda chake mbali, akawekewa chakula juu ya jiwe. Niliacha kazi nikamfungia mlango. Vidole vyake na nyayo zake vilikuwa vimepoteza hisia. Watu hudhani ukoma ndio unaoila miguu. Kwa macho yangu nilichokiona ni kwamba miguu ilikuwa inaharibiwa na vitu vya kawaida: jiwe, kaa la moto, kamba ya kiatu iliyobana. Maumivu ndiyo yanayotuambia tutoe mguu, na yeye alikuwa hana wa kumwambia. Jioni moja alirudi kutoka kisimani uani akinisimulia kichekesho, na nyuma yake sakafuni kulikuwa na alama za damu, moja kwa kila hatua. Msumari wa ndara yake ya tairi ulikuwa umepanda na kuzama wote unyayoni. Alikuwa anacheka. Niliutoa kwa koleo, na yeye aliendelea na kichekesho.

Baada ya siku hiyo niling'oa misumari yote katika ndara zake nikazishona. Niliwahi kuona gereji jinsi tairi lilivyo na tabaka za turubai, na jinsi tabaka hizo zinavyoweza kuchunwa moja moja hadi unene unaoutaka. Na kushona nilijua kwa sababu ya vitabu: uzi uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana katika tundu moja, na mfereji mdogo uliochimbwa kwa kisu ili uzi ulale ndani, usisagike. Nilijifunza pia jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Kila alipotoka kutembea niliipapasa miguu yake kwa mgongo wa mkono wangu. Mahali penye joto kuliko pengine ndipo kidonda kitakapotokea, siku moja au mbili kabla hakijaonekana. Nikipakuta, nilimkataza kutembea hadi papoe, kisha nikapunguza soli ya ndara mahali pale. Baadaye alipozidiwa ndipo nilipokubali kumpeleka hospitali, ambako nilipaswa kumpeleka tangu mwanzo. Alipata dawa, akaishi huko miaka saba, akafa kwa homa ya mapafu akiwa na nyayo zote mbili. Hilo nililiandika chini ya mstari kwa sentensi moja.

Kisha niliitazama karatasi kutoka juu kwenda chini, kama tulivyoelekezwa. Stoo ya matairi. Miguu ya mama. Kujalidi vitabu. Nilijiuliza ni nani mwingine katika tarafa hii anayeyajua mambo haya matatu, na sikumpata.

Siku ya sita mwenyekiti na wajumbe wake walikuwapo ili kutoa vibanda. Niliomba niwe wa kwanza. Nilisema kwamba sikuwahi kufungwa mahali popote na serikali yoyote, na kwamba siku mbili nilizopokea salamu za mashujaa nilizipokea bila haki. Kisha nikasema miaka ile ilikuwa ya nini. Nilitumia neno lenyewe.

Mtu wa Kinondo, aliyekuwa amekaa ubavuni mwangu, aliinuka kwa adabu na kwenda kutazama nje dirishani. Benchi lilibaki langu. Mwenyekiti aliutazama mkono wake wa kulia, ule aliokuwa amenipa, akaufuta kwenye kanzu pole pole, kama asiyefuta.

Afisa peke yake hakubadilika. Alikuja akasimama juu ya karatasi yangu. "Swali la kwanza umelijibu," alisema. "La pili. Nani anaumwa na shida hii leo?"

"Wagonjwa walio hospitali, na waliotoka. Wenye kisukari pia. Daktari mmoja aliniambia miguu yao hufa ganzi vivyo hivyo."

"Nani atalipa?"

"Sijui."

"Basi una kumbukumbu," alisema. "Bado huna biashara. Mwenyekiti, mpe siku thelathini."

Mwenyekiti alisema kamati itafikiria. Alikuwa amekwisha kusahau kile kibanda namba moja. Kilipewa mmoja wa wale ndugu wawili, aliyetaka kuuza sukari na sabuni, akiongeza kamba, ili iwe biashara mpya. Siku ile vilitolewa vitano. Cha sita, kile cha mwisho karibu na jaa, kilibaki.

Katika hospitali ile ile aliyokaa mama nilipokewa na muuguzi mkuu, ambaye alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa. Alikuwa na wagonjwa waliopona ugonjwa na kutoka wakiwa wazima, wakarudi baada ya miezi sita na vidonda vya misumari na miiba. Alisema kila kidonda kama hicho kinakula kitanda wiki nyingi, na kwamba hospitali ina fungu la viatu ambalo halijawahi kupata fundi. Angenunua jozi kumi na mbili, ikiwa ya kwanza ingevaliwa wiki mbili bila kidonda.

Nilitengeneza jozi ya kwanza kwa siku nne. Nilimkanyagisha mgonjwa, mzee mmoja aliyekuwa mgema wa tembo kule Shimba, juu ya karatasi iliyofukizwa masizi, na unyayo wake ukaacha alama: pale alipokanyaga kwa uzito masizi yaliondoka kabisa, na pale pa wepesi yalibaki. Soli ya chini ilikuwa tairi. Juu yake niliweka tabaka la mpira laini wa slipa mpya, nikalichimba kidogo mahali pa uzito. Mikanda ilikuwa mipana, ya ngozi laini, na mmoja ulipita nyuma ya kisigino, kwa sababu mguu usio na hisia hauwezi kukishika kiatu kwa vidole. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Ilikuwa kazi safi. Nilimvalisha.

Mzee aliitazama miguu yake. "Sivai," alisema.

"Inakubana?"

"Nitajuaje?" alisema. "Siitaki. Imekaa kama kiatu cha hospitali. Nikishuka nayo pale kijijini, hata kipofu atasema huyu ametoka wapi."

"Lakini itakulinda."

"Karani, mimi nina mtoto wa kike wa kuoza mwaka huu. Afadhali nipigwe na msumari kuliko kupigwa na viatu hivi."

Muuguzi alianza kumkemea. Nilimwomba anyamaze. Wakati ule ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimeandika kazi moja pungufu katika karatasi yangu. Nilikuwa nimeorodhesha kutunza matairi, kuuguza na kushona, lakini kwa karibu miaka ishirini kazi yangu kubwa kuliko zote ilikuwa kuficha. Nilijua namna ya kuficha kuliko mtu yeyote ukanda huu. Nilijua kwamba kitu cha siri hakifunikwi; huchanganywa na vya wengine. Ikiwa viatu hivi vitavaliwa na wagonjwa peke yao, basi ni tangazo. Vikivaliwa na kila mtu, ni viatu.

Nilirudi nyumbani nikaanza upya. Nilichukua umbo la makubadhi, yale ya ngozi ambayo wanaume wa pwani huvaa kwenda msikitini, yenye ncha butu na nakshi juu. Soli ya tairi niliifunika ukingoni kwa ngozi. Mpira laini niliuficha chini ya ngozi ya juu. Mkanda wa kisigino niliupiga nakshi ile ile, ukaonekana kuwa ni urembo wa mtu mwenye uwezo. Mke wangu aliitazama jozi hiyo akasema nimshonee na yeye, bila kujua nimeikusudia kwa nani, kisha akajua, akasema, "Bado nishonee." Mzee wa Shimba aliipokea, akaigeuza, akauliza kama naweza kumwekea nakshi ya pili. Nilimwekea. Nikamwagiza avae saa moja siku ya kwanza, saa mbili siku ya pili, na kila akivua ajipapase kwa mgongo wa mkono, penye joto anionyeshe. Na mkono wake ukiwa na ganzi, amwite mkewe. Wiki mbili zikapita bila kidonda, na muuguzi akaandika oda kwa jozi kumi na mbili, akitia sahihi.

Siku ya kamati niliweka oda mezani, na pembeni yake jozi moja ya makubadhi. Mwenyekiti aliitazama bila kuigusa. "Si neno la kazi," alisema. "Kazi nzuri. Ni neno la jirani. Kibanda namba sita kinapakana na namba tano, na namba tano ni chakula. Nani atakubali kupika karibu na mtu huyu?"

Namba tano ilikuwa ya baharia wa Mkwiro. Alikuwa nyuma kabisa, na kwa mara ya kwanza ilibidi tumsubiri aseme.

"Anauza viatu au anauza ugonjwa?" aliuliza hatimaye.

"Viatu," nilisema.

"Vinastahimili maji ya chumvi?"

"Uzi una nta. Ngozi ukiipaka mafuta ya nazi kila wiki, itastahimili."

"Kila wiki! Ngozi gani hiyo ya kudekezwa? Mimi kwa miaka minane melini sikupaka kiatu mafuta."

"Ndiyo maana ulitembea peku kuja huku."

Baharia aligeuka kwa mwenyekiti. "Huyu nitapakana naye," alisema. "Nimezunguka tarafa nzima nikitafuta mtu anayejibu. Wengine wote wananywa uji na kusema ahsante. Na iandikwe kwamba jela nilimpa mimi, na mimi ndiye ninayemtoa."

Iliandikwa, bila ile sehemu ya jela. Nilimwandikia shemeji barua fupi kuliko ile ya kwanza.

Kibanda kilifunguliwa wiki ya pili baada ya Idi. Siku tatu za mwanzo hapakuja mtu kwangu, na wawili watatu waliokuja kwa baharia walikunywa uji wamegeukia upande wa pili. Baharia alivaa makubadhi yangu kutwa nzima, akiyalaumu kwa sauti kila aliposimama, na kila mtu aliyepita alilazimika kuyatazama ili ajue analaumu nini. Siku ya nne mtu wa Kinondo alinunua jozi, akilalamikia bei, na akaivaa hapo hapo.

Kisha, karibu na alasiri, alikuja mwanamke aliyejifunga leso hadi chini, ikamfunika vidole vya miguu. Alikaa benchi la uji muda mrefu, hakunywa. Watu walipopungua alikuja upande wangu akasimama akitazama viatu vilivyoning'inizwa.

"Nataka vya jamaa yangu," alisema. "Yuko mbali. Hawezi kufika."

Sikumuuliza jamaa gani, wala mbali wapi. Nilimuuliza kama anajua urefu wa mguu. Alitoa uzi uliofungwa mafundo mawili, akaunyoosha juu ya meza yangu. Niliupima kwa rula nikaandika.

"Mwambie jamaa yako," nilisema, "siku ya kwanza avae saa moja tu, asizidishe. Akivua, ajipapase unyayo kwa mgongo wa mkono. Akikuta mahali pana joto, asitembee, uje uniambie."

"Nitamwambia," alisema, akaiteremsha leso yake kidogo, akaondoka akikanyaga taratibu, macho yakiwa chini, mbele ya kila hatua.